Ippon, sanmai, sanbiki: kwa nini Kijapani hakihesabu penseli, karatasi na paka kwa namna moja

*"Shikamoo mwalimu. Najifunza Kijapani nikijiandaa kwenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Nikisema 'enpitsu san' kwa penseli tatu nasahihishwa: ni sanbon. Karatasi tatu ni sanmai, paka watatu ni sanbiki. Tena penseli moja si 'ichihon' bali ippon, halafu mbili ni nihon. Je, hizi ni ngeli kama zetu? Nimeambiwa maneno haya yapo mia tano. Lazima niyakariri yote?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la ngeli, kwa sababu ndilo linalowapoteza wanafunzi wengi waliokulia katika Kiswahili. Ni kosa la mtu anayefikiri: ameona vitu vimepangwa kwa makundi, penseli huku na wanyama kule, naye anatoka katika lugha ambayo kila nomino ina kundi lake, kwa hiyo anaunganisha. Lakini ngeli na maneno haya ya kuhesabia, ambayo Wajapani huyaita josūshi nami nitayaita vihesabio, hayafanyi kazi moja. (Nitaandika Kijapani kwa herufi za Kirumi, mstari juu ya irabu maana yake ni kuivuta.)

Ngeli haingoji mtu ahesabu. Kiti ni kiti chako, kimevunjika, kizuri, kile pale. Alama ya ki- inakifuata kila kinapokwenda katika sentensi. Sasa tazama penseli ya Kijapani. Penseli nyekundu ni akai enpitsu, penseli yangu ni watashi no enpitsu, penseli hakuna ni enpitsu ga nai. Kihesabio hon hakionekani popote. Kinajitokeza pale tu namba inapoingia, na namba ikiondoka nacho kinaondoka. Zaidi ya hayo, nomino yetu haihami ngeli kwa sababu tu leo tumekitazama kitu chenyewe kwa upande mwingine, ilhali katika Kijapani jambo hilo ni la kawaida. Ndizi moja iliyochomolewa ni ippon, lakini chane nzima ni hitofusa. Ngisi anayeogelea baharini ni ippiki, na ngisi huyohuyo akishalazwa juu ya barafu sokoni huhesabiwa ippai. Kihesabio hakikai ndani ya jina la kitu. Kinakaa kwenye namba, na kinaeleza mhesabuji anahesabu nini hasa.

Ukitaka mahali ambapo Kiswahili chenyewe kinafanya jambo hilihili, usiende kwenye ngeli. Nenda dukani kanunue sukari. Huombi "sukari mbili". Unaomba sukari kilo mbili, au pakiti mbili, kwa sababu neno sukari linataja kitu bila kusema kimekatwa wapi, na namba haiwezi kukamata kitu kisichokatwa. Kilo ndiyo inayoipa namba mahali pa kushika. Katika Kijapani karibu kila nomino ya kawaida ina tabia ya sukari. Neno enpitsu halisemi penseli moja wala penseli nyingi, kama vile neno neko halisemi paka mmoja wala paka wengi. Hakuna umoja na wingi wa lazima kama mtoto na watoto. Namba inapokuja inahitaji kipimo cha kushikilia, na kipimo cha penseli ni hon, cha karatasi ni mai, cha paka ni "hiki", nalo ni neno la Kijapani. Wanaisimu wanabishana kama maelezo haya yanatosha kwa lugha zote zenye vihesabio, lakini kwa anayejifunza kusema yanatosha vizuri, kwa kuwa yanamwonyesha pia mahali pa kuliweka neno. Enpitsu sanbon imekaa kama sukari kilo tatu: kitu kwanza, kipimo baadaye. Tofauti ni kwamba Mjapani hutanguliza namba kabla ya kipimo, san kisha bon, nasi tunaiweka mwisho.

Kwa hiyo "enpitsu san" ni pungufu kama namba iliyoachwa bila kipimo, na tena ina bahati mbaya yake, kwa kuwa san ni neno la heshima linalofuata majina ya watu. Aliyekusahihisha huenda alisikia kwanza kitu kama "Bwana Penseli".

Sasa swali la kwa nini vipimo ni tofauti. Kwa vitu visivyo na uhai, vihesabio vya kila siku hutazama umbo, na hasa hutazama kitu kinaenea katika pande ngapi. Kitu chenye urefu mkubwa kuliko unene wake wote ni hon: penseli, mwavuli, mti, uzi, chupa ya soda, karoti, kidole. Kitu kilichoenea kwa urefu na upana huku unene wake ukiwa haufai hata kutajwa ni mai: karatasi, sahani, stempu, tiketi, shati lililokunjuliwa, picha. Chapati ingehesabiwa kwa mai bila ubishi, na kanga vilevile. Kitu kilichojaa pande zote tatu, kama yai, chungwa, jiwe au tofali, huchukua ko. Ona kwamba hapa haiulizwi kitu kimetengenezwa kwa nini wala kina kazi gani. Karatasi ikiwa bapa ni mai. Ikiviringishwa ikawa mrija wa ramani, muuzaji anaweza kuihesabu kwa hon, kwa sababu sasa anachokiona mbele yake ni kitu kirefu.

Hon imetembea mbali kuliko wenzake, na inafaa kujua mwendo wake, kwani ukitegemea umbo la fimbo peke yake utakwama. Sindano ya hospitali huhesabiwa kwa hon, na hilo halishangazi. Lakini simu uliyopiga nayo ni ippon, filamu moja ni ippon, safari ya basi au treni katika ratiba ni ippon, na katika judo ushindi kamili wa pigo moja unaitwa ippon. Kinachounganisha haya ni kitu kinachotoka upande mmoja na kufika upande wa pili bila kukatika: sauti inayosafiri katika waya, utepe wa filamu, njia ya treni, mwendo wa mwili unaorushwa. Huna haja ya kuyatabiri haya. Ukiyakuta yapokee tu, na utaona kwamba hayakutupwa ovyo.

Kuna mtego mmoja ambao lazima niutaje. Neno hon likiwa nomino linamaanisha kitabu, na herufi yake 本 ni hiyohiyo. Lakini vitabu havihesabiwi kwa hon. Vinahesabiwa kwa satsu, kihesabio cha vitu vilivyofungwa pamoja kama vitabu, majarida na madaftari. Vitabu vitatu ni hon o sansatsu. Mwanafunzi anayesema sanbon akimaanisha vitabu vitatu amesema vitu virefu vitatu, na msikilizaji atatafuta penseli.

Kwa wanyama umbo halina nafasi, kwa maana nyoka ni mrefu na mwembamba kuliko penseli, lakini akiwa hai hawezi kuwa hon. Hapa mgawanyo wa kwanza ni uhai, kisha ukubwa. Hiki ni kwa wanyama wadogo: paka, mbwa, samaki, wadudu, chura, nyoka wa kawaida. Tō, neno ambalo maana yake ni kichwa, ni kwa wanyama wakubwa: ng'ombe, farasi, tembo, simba. Mpaka kati ya hawa wawili hauna rula. Wengi hujipima kwa mwili wa binadamu, yaani mnyama unayeweza kumbeba mikononi ni hiki, na aliye mkubwa kama wewe au zaidi ni tō. Matumizi ya tō yalienea tangu zama za Meiji, kati ya 1868 na 1912. Kabla ya hapo hata farasi walihesabiwa kwa hiki. Ndiyo maana bado utakuta mambo yasiyolingana na kipimo cha ukubwa. Mbwa wa kuongoza vipofu hutajwa kwa tō katika habari ingawa mbwa wa nyumbani ni hiki, na wataalamu wa wadudu huhesabu vipepeo kwa tō, jambo ambalo Mjapani wa kawaida hucheka akilisikia. Ndege wana chao, yaani "wa", na sungura kwa desturi ya zamani huwekwa pamoja na ndege. Sababu zinazosimuliwa kuhusu huyo sungura ni nyingi, na nyingine zimetungwa baadaye ili kupendeza, kwa hiyo sitakupotezea muda nazo. Leo ukisema sungura mmoja ni ippiki hakuna atakayekukemea. Binadamu wanahesabiwa kwa nin, isipokuwa mmoja, hitori, na wawili, futari. Usimhesabu mtu kwa hiki hata kwa utani mpaka uwe umeishi na watu hao, kwa kuwa linamshusha hadi kwenye unyama.

Nimefika kwenye sehemu ninayoiona tamu kuliko zote, nayo ni ile ippon, nihon, sanbon. Vitabu vingi vya kujifunzia huweka jedwali na kukuamuru ukariri. Lakini msemaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ambayo msemaji wa lugha nyingine nyingi hana. Tazama namba mbili. Tunasema watoto wawili, vitabu viwili, lakini nyumba mbili. Mzizi ni uleule. Zamani ulikuwa na sauti b. Katikati ya irabu midomo ikalegea, b ikawa w, tukapata -wili. Lakini ilipotanguliwa na sauti ya puani, midomo ilikuwa imeshafungwa tayari, b ikakosa nafasi ya kulegea, nayo ikabaki hadi leo katika mbili. Hatuoni hapo kanuni mbili za kukariri. Tunaona sauti moja ya kale iliyodhoofika mahali palipo wazi na kusalimika mahali palipokingwa.

Jambo hilohilo limetokea kwa hon. Sauti ambayo leo ni h katika Kijapani ilikuwa p katika nyakati za kale. Baadaye ililegea ikawa kama f ya kupuliza kwa midomo miwili, na bado ilikuwa hivyo wamishonari wa Kijesuiti walipochapisha kamusi yao ya Kijapani na Kireno huko Nagasaki mwaka 1603, ambamo maneno yanayoanza leo kwa h yameandikwa kwa f. Kisha ikalegea zaidi ikawa h. Kwa hiyo usijiulize p ya ippon imetoka wapi. Hiyo p ndiyo ya asili, na h ya nihon ndiyo iliyochakaa.

Kilichobaki ni kujua namba ipi inakinga na ipi haikingi. Namba mbili, tano na tisa, yaani "ni", "go" na "kyū", huishia kwa irabu, mahali pako wazi, kwa hiyo h: nihon, gohon, kyūhon. Namba za moja, sita, nane na kumi zilipoletwa kutoka China ziliishia kwa konsonanti iliyofungwa: kitu kama it, rok, pat na jip. Wajapani, ambao hawapendi neno liishie hivyo, waliongeza irabu mwishoni namba inaposimama peke yake, ndipo tukapata ichi, roku na hachi, na jip ikapitia mabadiliko yake hadi jū. Lakini kihesabio kinapofuata mara moja, irabu hiyo haikuhitajika. Konsonanti ya namba ikagandana na p ya kihesabio, na p ikanusurika ikiwa imerudufiwa: ippon, roppon, happon, jippon, ambayo leo wengi huitamka juppon na ni sahihi. Namba tatu, san, iliishia kwa sauti ya puani, na sauti ya puani huifanya jirani yake iwe nzito: sanbon. Swali la "ngapi", nan, hufuata njia ya san: nanbon. Mia moja, hyaku, nayo ilifungwa kwa k, kwa hiyo hyappon. Elfu moja, sen, ni ya puani, kwa hiyo senbon.

Utaniuliza, mbona yon ya nne ina sauti ya puani lakini tunasema yonhon? Kwa sababu yon si neno la China. Namba nne ya Kichina ilikuwa shi, ambayo inasikika sawasawa na neno la kifo, na saba ilikuwa shichi, ambayo huchanganywa na ichi kwa urahisi; katika kuhesabu vitu hizo mbili zikayaachia nafasi maneno ya Kijapani chenyewe, yon na nana. Wageni hao waliingia katika safu sauti zikiwa zimeshatulia, kwa hiyo hawagusi kihesabio: yonhon, nanahon.

Hiki inaanza kwa h, kwa hiyo inakwenda nyayo kwa nyayo na hon: ippiki, nihiki, sanbiki, yonhiki, gohiki, roppiki, nanahiki, happiki, kyūhiki, juppiki. Mai inaanza kwa m, na m haikuwahi kuchakaa wala haigandani na namba hizo, kwa hiyo karatasi hazina shida yoyote: ichimai, nimai, sanmai, na kuendelea hadi jūmai. Vihesabio vinavyoanza kwa k, s na t hugandana na ichi, hachi na jū, kama ikko, hassatsu na ittō. Roku hugandana mbele ya h na k tu, kwa hiyo ni rokko lakini rokusatsu. Kanuni hii ina mipaka yake, na ni haki uijue kabla haijakuudhi. Dakika, fun, zilitakiwa kufuata hon, lakini dakika tatu ni sanpun wala si "sanbun", na dakika nne ni yonpun. Ukikuta kihesabio kipya kinachoanza kwa h, sikiliza kwanza tatu yake na nne yake, zilizobaki zitakutii.

Tufanye zoezi moja lote, hatua kwa hatua. Umeingia katika duka la vifaa vya kuandikia na unataka penseli sita na karatasi nane za kuchorea. Kabla hujafungua mdomo, jiulize kitu kina umbo gani: penseli ni ndefu, hon, karatasi ni bapa, mai. Kisha chukua namba: roku na hachi. Kisha tazama sauti ya kwanza ya kihesabio. Roku ilifungwa kwa k, hon ina h, basi p inarudi: roppon. Hachi nayo ilifungwa, lakini mai haina h, k, s wala t, basi hakuna kinachobadilika: hachimai. Sasa panga sentensi: *Enpitsu o roppon to, gayōshi o hachimai kudasai.* Angalia mahali pa namba. Imekuja baada ya kitu pamoja na kiunganishi chake o, karibu na kitenzi, na hapo ndipo mahali pake pa kawaida. Waweza pia kusema *roppon no enpitsu*, namba ikitangulia na kuunganishwa kwa no, lakini hapo unataja penseli sita zinazojulikana kama kundi, kwa mfano zile sita zilizokuwa mezani. Mnunuzi hutumia namna ya kwanza. Muuzaji akiandika risiti ataandika 6本 na 8枚, na hapa kuna jambo la kuzoeza macho: herufi 本 haibadiliki hata kidogo, iwe inasomwa hon, pon au bon. Maandishi yanakuficha sauti, kwa hiyo anayejifunza kwa kusoma peke yake huja kugundua kasoro yake siku ya kwanza anapotakiwa kusema.

Ukiongeza namba ni sehemu ya mwisho tu inayohesabika. Penseli kumi na moja ni jūippon, ishirini na tatu ni nijūsanbon, ishirini kamili ni nijuppon. Na ukitaka kusema nyumbani kuna paka watatu, ni *uchi ni neko ga sanbiki imasu*. Kitenzi cha mwisho ni imasu kwa kuwa paka wana uhai, wakati kwa penseli ungesema arimasu.

Kuhusu mia tano: kamusi za vihesabio zina maingizo mamia, hilo ni kweli, lakini humo mna vihesabio vya mashairi, vya upanga, vya makabati ya nguo na vya samaki wa aina mojamoja ambavyo Wajapani wenyewe hufungua kamusi kuvitafuta. Maisha ya kila siku yanaendeshwa kwa dazeni moja au mbili hivi. Ningekuwa wewe ningeanza na hon, mai, hiki, nin, ko, satsu, na dai ya mashine na magari, nikahakikisha hivyo saba vinatoka mdomoni bila kufikiri, kabla ya kugusa kingine.

Na wakati hujui? Kijapani kina hesabu yake ya asili isiyouliza umbo: hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu, muttsu, nanatsu, yattsu, kokonotsu, tō. Ukisema enpitsu o mittsu kudasai utapewa penseli tatu. Msikilizaji atatambua kwamba hon imekushinda, basi, hakuna dhambi. Hata Wajapani hutumia mittsu au ko mahali ambapo wazee wao wangetumia kihesabio mahususi, na wako wanaolalamikia jambo hilo kila mwaka. Njia hii hata hivyo ina vizuizi viwili: inaishia kumi, ukivuka hapo unasema namba tupu, na haitumiki kwa watu wala wanyama, kwa kuwa paka "mittsu" wanasikika kama vinyago vya paka. Kwa hiyo ifanye tairi la akiba. Anayeitegemea kila siku huwa hajifunzi kusikia, na kusikia ndiko kutakakokutatiza kazini, kwa sababu wenzako hawatakuhesabia kwa mittsu.

Ninalisema hili nikiifikiria hiyo kazi unayokwenda kuifanya. Katika nyumba ya wazee vihesabio ni sehemu ya maelekezo. Vidonge huhesabiwa kwa jō, kwa hiyo nijō ni vidonge viwili. Dawa ya unga iliyo katika pakiti huhesabiwa kwa hō, pakiti moja ni ippō. Sindano na chupa ni hon. Wazee wenyewe ni nin katika mazungumzo na mei katika lugha rasmi, na hapo kuna hatari, kwa kuwa nimei ni watu wawili na nimai ni vitu bapa viwili, mathalani taulo, na mtu akisema haraka zinakaribiana mno kwa sikio geni. Panapohusika dawa usikisie kamwe kutokana na kihesabio ulichosikia nusu: omba namba iandikwe kwa tarakimu, au irudie kwa sauti mbele ya aliyekuagiza na ungoje akubali.

Liko jambo moja ambalo siwezi kukusaidia kwa maandishi, nalo ni mapigo. Ippon ina mapigo manne: i, kisha kimya cha pigo zima huku midomo imefungwa, kisha po, kisha n. Kiswahili hakina konsonanti ya kungojea namna hiyo, kwa hiyo wengi wetu husema "ipon", na Mjapani husikia neno lisilokuwepo. Sanbon nayo ina mapigo manne, na nb yake husikika kama mb. Tatizo ni kwamba ulimi wetu huigandisha kama mb ya mboga, ikawa sa-mbon. Usiigandishe. Ipe hiyo n pigo lake kamili, kama m ya mtu inavyosimama peke yake kabla ya tu. Unaweza kudhani unafanya sawa kwa miezi na usiwe unafanya, kwa sababu sikio linalohukumu ndilo sikio lililokosea. Mtafute mwalimu au msemaji wa Kijapani ukae naye ana kwa ana, umwombe akusomee moja hadi kumi za hon na hiki huku akipiga meza kwa kila pigo, kisha usome wewe naye apige kile anachokisikia. Pigo lake likipungua kwenye ippon, roppon au happon, rudieni hapohapo kabla ya kuendelea mbele. Kisha mwombe akutajie nimei na nimai kwa kuchanganya, bila wewe kumtazama midomo, nawe useme kila mara kama ni watu au ni taulo.